Droo ya meza imeanguka tena, reli nimebadilisha Machi tu. Mbovu ni reli au kitako?

Mama Vifungo

Habari zenu wanajamvi. Mimi ni fundi cherehani, nipo Mtoni kwa Azizi Ally. Nina meza ya kukatia yenye droo tatu, niliitengenezesha Keko miaka minne iliyopita. Droo ya katikati ndiyo naweka makopo ya vifungo, zipu, mikasi na vyuma vya kubonyezea vishikizo. Ya chini yake ina uzi, vitambaa na mkebe wa pini.

Mwaka jana mwishoni ile ya katikati ilianza kuinama. Ukiivuta nusu, kona ya kushoto mbele inashuka, na kuirudisha ni mpaka uigonge kwa goti. Machi nikamwita fundi wa mtaani, akasema reli zimeisha, akanibadilishia zote mbili, za inchi 18, zile za goroli. Ikawa laini kama siagi. Sasa ni Julai, juzi nimeivuta mteja amesimama mbele yangu, imechomoka upande wa kushoto na vifungo vyote chini. Mteja mwenyewe alisaidia kuokota.

Nimempigia fundi, anasema reli za siku hizi hazidumu, ninunue nyingine. Kabla sijatoa hela tena naomba kuuliza: nitajuaje kama kweli ni reli? Maana nikipitisha mkono chini ya droo naona kama kitako nacho kimebonyea. Nawasilisha.

Jangwani_Juu

Nimeona "droo" nikaingia mbio nikijua makundi yamepangwa. Kumbe vifungo. Pole mama, naendelea na safari.

Kijana wa Goba

Mama, fundi wako yuko sahihi. Reli nyingi za sokoni bati lake ni jembamba kama la kopo. Usinunue tena za bei ya chini. Chukua zile nzito zinazojifunga zenyewe polepole, mimi nimefunga jikoni kwangu droo sita, mwaka wa pili sasa hazijasumbua. Na upake mafuta kidogo kila baada ya miezi kadhaa, hata ya kula yanafaa. Kitako kubonyea ni kawaida, hadibodi zote zinabonyea.

Randa Mbili

Mafuta ya kula usiweke, kijana. Yanaganda, yanashika vumbi, na kwa fundi cherehani yatashika nyuzi mpaka goroli zigande humo ndani. Kwenye nzito una haki, ila tusimtume mama dukani kabla hatujajua kinachoumwa.

Mama, nipe dakika kumi za kazi. Toa vitu vyote, droo iwe tupu. Ivute mpaka nusu, kisha ufanye mambo mawili.

La kwanza, shika kona ya kushoto mbele, kwenye ubao wa ubavu wenyewe na siyo kwenye kishikio, uinue na kuishusha taratibu. Ukisikia inacheza "tak, tak", mwite mtu mwingine aendelee kuinua wakati wewe unachungulia ile reli kwa tochi ya simu. Reli ina kipande kilichofungwa kwenye meza na kipande kilichofungwa kwenye droo. Kile cha kwenye meza kikiwa kinaachana na ubao, basi skrubu zimelegea na reli haina kosa. Kikiwa kimetulia, ila kile cha droo kinapanda na kushuka ndani yake, hapo goroli zimechakaa au zimetoka. Fanya hivyo hivyo kulia, upate cha kulinganisha.

La pili, weka kiganja chini ya droo, katikati kabisa, usukume juu. Droo nzima ikiinuka pamoja na mbavu zake, kitako kimeshika. Kitako kikipanda chenyewe na mbavu zimebaki palepale, hicho kimeachia, hata kama kwa macho unaona kizima. Halafu pitisha vidole kwenye kingo zake zote nne uniambie kimefungwaje: kimeingizwa kwenye mfereji, au kimepigiliwa kwa chini?

Mama Vifungo

Shikamoo fundi. Nimefanya pamoja na binti yangu. Kona ya kushoto inacheza, "tak" ipo, ya kulia imetulia kabisa. Reli ya kwenye meza haisogei, skrubu zimeshika. Kwa hiyo ni goroli?

Tena nakumbuka kitu. Wiki iliyopita nikifagia niliokota vitu viwili vidogo vya duara vinang'aa, nikadhani ni shanga za gauni la mteja. Nimevitafuta kwenye kopo, nimevipata. Ni chuma.

Lakini kitako nacho kimepanda chenyewe nilipokisukuma! Upande wa kushoto na nyuma kuna uwazi, kidole gumba kinaingia. Ni hadibodi nyembamba, imepigiliwa kwa chini na vimisumari. Vinne vya kushoto vinaning'inia, vya nyuma sivioni kabisa, vya kulia na mbele vimekaa.

Kijana wa Goba

Si nilisema? Goroli zimetoka, reli imekufa. Uzi ufungwe 😄

Randa Mbili

Marahaba mama. Hizo shanga mbili ndizo zilizokuwa zinabeba droo yako.

Goba, reli ya kushoto imekufa, hilo tumekubaliana. Goroli zikishatoka kwenye kile kibati kinachozipanga hazirudishwi, hata ukizipata zote. Watu wanajaribu kuzipachika kwa grisi, zinakaa siku mbili. Ila jiulize mbona ya kulia ni nzima. Zilinunuliwa jozi moja, siku moja, zinafunguliwa mara zilezile, mzigo uleule. Bati likiwa bovu ningetegemea zote mbili zilegee, labda moja itangulie kidogo. Hapa moja imekufa miezi minne na nyenzake haina hata mchezo, na iliyokufa ni ya upande uleule ambao kitako kimeachia.

Mama, una futi hapo, wewe ni fundi cherehani. Chomoa droo nzima. Kwenye kila reli kuna kiulimi cheusi cha plastiki. Upande mmoja unakisukuma juu, mwingine chini, vyote kwa wakati mmoja, huku unavuta. Ilaze juu ya meza, upime kutoka kona ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, kisha ya mbele kulia hadi ya nyuma kushoto. Nipe namba zote mbili. Na kama unaweza, nipe uzito wa vitu unavyoweka humo.

Baba Naima Kigamboni

Samahani kwa kuingilia. Mimi langu ni kabati la nguo, droo zinaanguka vilevile, ila reli zangu si za goroli, ni zile nyeupe zenye kigurudumu cha plastiki. Nimenunua mpya bado zinaanguka, tena zinaanguka ndani, upande mmoja unatumbukia. Kitako kizima. Nami nipime kona?

Randa Mbili

Baba Naima, zako ni jamaa wengine. Kigurudumu kile hakijafungiwa popote, kinategemea tu kukaa juu ya ukingo wa reli, na ukingo wenyewe ni mwembamba. Nafasi kati ya droo na kabati ikiongezeka kwa milimita nne au tano tu, kigurudumu kinakosa pa kukanyagia na upande mmoja unatumbukia. Nenda nyuma ya kabati. Nahisi utakuta ile hadibodi ya mgongo imechomoka misumari na mbavu za kabati zimepanuka. Pima upana wa ndani wa kabati juu, katikati na chini. Katikati pakiwa papana zaidi, rudisha mgongo wake kwanza.

Jambo jingine, angalia herufi zilizogongwa kwenye bati. Kwa kawaida zimeandikwa CL na CR kwa zile za kwenye kabati, DL na DR kwa zile za kwenye droo. L ni kushoto, R ni kulia ukiwa umesimama mbele. Mafundi wengi hawazisomi. Ukikuta DR iko kushoto, usitafute tena.

Mama Vifungo

Nimepima. Kona moja hadi nyingine ni sentimita 65.9, na ile nyingine ni 64.8. Nimerudia mara tatu, nikadhani mkono wangu unayumba. Upana wa droo ni 47.4, urefu mbele hadi nyuma 45.

Uzito nimepima kwa jirani muuza nafaka, kwa mafungu. Kilo 14 na nusu vyote pamoja.

Randa Mbili

Sasa tunaona kitu. Kwa vipimo vyako, boksi lililonyooka lingekupa 65.3 au 65.4 pande zote mbili. Wewe umepishana kwa sentimita 1.1. Maana yake droo yako imekwenda upande, imekuwa kama kitambaa kilichokatwa mshazari. Wewe utanielewa kuliko hawa wengine.

Watu wanadhani kitako cha droo ni cha kubebea vitu tu. Kina kazi ya pili, kuzizuia zile mbao nne zisikimbie pembe zake. Mbao nne zilizopigiliwa misumari kwenye kona, bila kitako, unazisukuma kwa mkono mmoja zinalala. Chako kilipoachia kushoto na nyuma, kazi hiyo haikuwa na mfanyaji. Ukivuta droo, ubavu mmoja unatangulia, mwingine unafuata nyuma, lakini reli za goroli zinataka zote ziende sambamba. Ile ya kushoto ikawa inakwenda imekabwa, na goroli zikawa zinasukuma kile kibati chao. Juu yake kitako kilichoning'inia kinakwaruza chini, unaona nzito, unaivuta kwa nguvu, unairudisha kwa goti. Kibati kikapasuka, goroli zikaangukia kwenye ufagio wako.

Kwa hiyo hata Machi reli zilikuwa zimeumia kweli, fundi wako hakukudanganya. Aliondoa kilichokufa akaacha kilichokiua. Ukifunga jozi nyingine leo bila kugusa kitako, tutaonana Novemba.

Na kilo 14 na nusu si mzigo. Reli za goroli pana, zile za milimita 45, nyingi zinauzwa kwa kubeba kilo 35 kwenda juu kwa jozi. Hata zikibeba nusu ya wanachosema, bado uko salama.

Kijana wa Goba

Sawa mzee, hapo umenifundisha. Ila bado nasema akinunua nzito zaidi zingevumilia muda mrefu.

Randa Mbili

Zingevumilia, ndiyo. Labda mwaka. Halafu kitako kingedondoka chote na vifungo vyake huku reli zinang'aa.

Bi Chuma wa Tandika

Na mimi kwangu kuna unga unga mweupe unadondoka chini ya droo, na ina vitundu vidogo kama vya sindano. Ni kabati la mninga la marehemu mama, halina reli za chuma, linatelezea mbao kwa mbao. Nalo kitako?

Randa Mbili

Bi Chuma, vitundu na unga ni dumuzi huyo, na mninga wanamla kwenye ile sehemu nyeupe ya pembeni. Hilo lifungulie uzi wake, dawa yake ni nyingine kabisa. Ila ile mbao ya kutelezea ikiwa imelika katikati kama ngazi ya zamani, igeuze upande wa pili au ubandike kibao kipya, kisha usugue mshumaa mkavu. Usiweke reli za chuma kwenye kabati la namna hiyo, utaliharibu bure.

Seremala Mdogo

Fundi Randa, nakuheshimu, nimekusoma kwenye nyuzi nyingi. Lakini umwambie mama ukweli wote. Kitako kupigiliwa kwa chini ndiyo kosa lenyewe. Mzigo wote unaning'inia kwenye vimisumari, unavivuta kuelekea vinakotokea. Droo inatakiwa kuchimbwa mfereji kwenye mbavu na mbele, kitako kinaingia humo, mzigo unakaa juu ya mbao. Avunje, ajengewe upya.

Randa Mbili

Mfereji ni bora, sibishi. Lakini mbavu zake zimeshajengwa na zimefungwa. Kuchimba mfereji inabidi ubomoe kona zote nne, na mbao yenyewe sijui unene wake. Mama, mbavu zina unene gani?

Mama Vifungo

Kama milimita 18. Ni mbao, siyo ile ya unga uliogandishwa.

Randa Mbili

Vizuri, skrubu itashika. Basi mimi ningefanya hivi.

Ng'oa hadibodi yote, na kila kimsumari kilichobaki. Droo ikiwa mifupa mitupu, ilaze juu ya meza yako ya kukatia, ambayo najua iko sawa. Sukuma ile kona yenye kipimo kirefu kuelekea ndani, kidogo kidogo, mpaka futi ikupe namba moja pande zote mbili. Ikipishana milimita moja au mbili iache, hutapata zaidi ya hapo kwa mkono. Kona zikiwa zimelegea, tia gundi nyeupe ya mbao.

Kitako kipya kiwe plaiwudi ya milimita 6. Mwambie muuzaji akukatie kwa pembe kamili, maana plaiwudi ndiyo itakayoinyoosha droo. Ikikatwa upande, droo nayo itakaa upande. Paka gundi kwenye kingo za chini za mbao zote nne, laza plaiwudi, pima kona tena kabla hujafunga, halafu funga kwa skrubu za inchi moja, moja kila sentimita 10 hivi. Toboa kwanza kwa drili nyembamba, vinginevyo utapasua ubavu. Vichwa vya skrubu vizame. Acha gundi usiku kucha.

Kitu kimoja cha kuangalia kabla ya yote: plaiwudi ya 6 itashuka chini milimita 3 zaidi ya hadibodi ya 3. Pima nafasi iliyopo kati ya droo hiyo na ya chini yake.

Mama Vifungo

Nafasi ni kama milimita 8. Itatosha?

Randa Mbili

Itatosha. Ingekuwa 3 au 4 ningekwambia uweke kitako kwa ndani, juu ya vibao vidogo vilivyofungwa kwenye mbavu.

Kisha ndiyo ununue reli. Jozi nzima, ingawa ya kulia ni nzima. Ya kulia ifute vumbi uitunze. Na umwangalie fundi anafunga na skrubu gani ndani ya reli. Kichwa kikitokeza hata unene wa kucha, kinakwaruza kile kibati cha goroli kila unapofungua. Viwe bapa, vizame kwenye tundu.

Seremala Mdogo

Bado nasema mfereji. Miaka mitano tuulizane tena hapa.

Baba Naima Kigamboni

Fundi, mgongo wa kabati ulikuwa umechomoka upande mzima, upana wa katikati umezidi wa juu kwa milimita 7. Nimerudisha kwa skrubu. Droo tatu zimekaa, moja bado inatumbukia. Nimeangalia herufi, zote ziko sahihi. Hiyo moja sijui ina nini.

Mama Vifungo

Nimerudi na majibu, wiki mbili zimepita.

Plaiwudi nilikatiwa Buguruni. Nilipofika nyumbani nikaipima kona kwa kona, ilikuwa imepishana nusu sentimita. Nikairudisha, kijana wa msumeno akanuna lakini akakata tena. Fundi wangu wa Machi ndiye amefunga, nimemsimamia na futi mkononi mpaka akaniuliza kama nimeacha cherehani. Kona sasa zinasoma 65.3 na 65.4. Reli jozi mpya, na za zamani nimezifungua. Ya kushoto kile kibati cha ndani kimekatika vipande viwili na ndani kuna nyuzi za kila rangi, ya kulia inateleza tu.

Nilipoivua ile hadibodi nikaona kwa nyuma imekuwa na mistari ya mkwaruzo, na ndani ya droo ya chini, mkebe wangu wa pini kubwa umechubuka kifuniko mahali palepale. Kumbe ndicho kilichokuwa kinakwama miezi yote hiyo, mimi napiga goti.

Droo inakwenda. Nimerudisha kilo zangu 14 na nusu na nimeongeza kopo moja. Kitu kimoja tu sikielewi: ikifika mwisho inagonga "tak" ndogo kulia, upande uliokuwa mzima. Haiinami, haikwami, inagonga tu. Nifungue tena au niiache?

Randa Mbili

Chungulia skrubu ya mwisho kabisa ya nyuma, ile anayoifunga bila kuiona. Na Baba Naima, kigurudumu cha hiyo droo moja kizungushe kwa kidole, uangalie kama kimeliwa upande.